Muulize Msimamizi Swali Linalojibika

Kazi imeandikwa kwa sentensi moja: "Abiria aweze kughairi tiketi na kurudishiwa pesa." Mtengenezaji wa programu ya kukatia tiketi za mabasi anaianza asubuhi, na kabla ya mchana amekwama. Basi likiwa limebakiza saa moja kuondoka, pesa zirudi zote? Si lake kuamua. Uamuzi huo ni wa msimamizi wa bidhaa, anayepanga programu ifanye nini na kipi kitangulie. Basi anaandika maoni chini ya kazi ile: "Naomba ufafanuzi kuhusu kughairi." Kesho yake anajibiwa: "Fuata utaratibu wa kawaida."

Jibu halina msaada, lakini kasoro ilianzia kwenye swali. Msimamizi hakuonyeshwa mwenzake amekwama wapi, na mara nyingi maoni kama hayo huyasoma kwenye simu, kati ya kikao na kikao. Anahitaji kuona abiria mmoja, tiketi moja na saa:

"Habari za asubuhi, dada. Abiria amelipa shilingi 30,000. Basi linaondoka saa 12 asubuhi, naye anaghairi saa 11 alfajiri. Maelezo ya kazi hayataji kikomo. Akighairi zikiwa zimebaki chini ya saa 24, tumrudishie (A) zote, (B) nusu, au (C) asirudishiwe? Napendekeza B, kwa kuwa kiti hicho ni vigumu kukiuza tena. A ni kazi ya nusu siku, B siku mbili, C nusu siku. Naomba jibu kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Nisipolipata, nitaficha kitufe cha kughairi ndani ya saa hizo 24, na abiria ataelekezwa kupiga simu ofisini."

Hapo msimamizi anaweza kujibu kwa herufi moja, akijua kila njia itakula muda gani. Akitaka njia ya nne, ana pa kuanzia.

Sentensi ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nami naiona ya thamani kuliko zote. Inazuia kazi isisimame, mradi hatua utakayoichukua bila jibu iwe inatenguka. Kitufe kilichofichwa hurudishwa upesi. Pesa iliyokwisha kuingia kwenye simu ya abiria ni shida kuidai.

Usiongeze swali la pili humo humo. Ukiuliza pia nani abebe makato ya muamala, utapata "Sawa" moja usijue imejibu lipi. Liandikie maoni yake.

Msimamizi akikujibu kwa mdomo, andika siku hiyo hiyo ulivyoelewa: "Tumekubaliana B: chini ya saa 24, nusu." Kisha ingiza uamuzi huo kwenye maelezo ya kazi yenyewe, kwa sababu anayekuja kuijaribu programu huanza kusoma hapo.