Barua kwa Naibu Msajili: kila mstari na kazi yake

Mtu aliyeshindwa shauri la madai Mahakama Kuu, akitaka kwenda Mahakama ya Rufani, huanza na nyaraka mbili: taarifa ya rufani, na barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri na hukumu. Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja tu, na ndiyo sababu wengi huiandika kwa haraka kama barua ya kuomba likizo. Tangu sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania mwaka 2021, barua za aina hii zimeongezeka, na makosa yake pia.

Tuchukue mfano. Hukumu imesomwa tarehe 4 Machi 2024. Mdaiwa, ambaye hana wakili, anaandika hivi:

*Kwa Mheshimiwa Jaji,*
*Mahakama Kuu.*
*Mpendwa Mheshimiwa,*
*YAH: KUHUSU MAOMBI*
*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni yule niliyeshindwa kesi. Naomba kwa unyenyekevu mkubwa unipatie makaratasi yangu ili nikate rufaa.*
*Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa.*

Adabu ipo, tena imezidi. Kinachokosekana ni taarifa. Karani akiipokea hajui ni shauri lipi, hukumu ya lini, wala nani mwingine anapaswa kujua kwamba barua imeandikwa.

Tuanze na mwandikiwa. Jaji akishatoa hukumu, nakala haziombwi kwake bali kwa Msajili au Naibu Msajili wa masjala ilikosikilizwa kesi. Kumwandikia jaji moja kwa moja ni kumwendea mwamuzi upande mmoja ukiwa haupo, jambo ambalo mahakama hulikwepa. Kwa hiyo anwani inataja cheo, si jina la mtu: Naibu Msajili, Mahakama Kuu ya Tanzania, Masjala Ndogo ya Mwanza. Ofisa akihamishwa kesho, barua inabaki na mwenyewe.

Chini ya anwani huja wito. Neno "Mpendwa" ni la barua za jamaa na marafiki. Kwa Naibu Msajili, ambaye ni ofisa wa mahakama, inatosha kuandika "Mheshimiwa," peke yake. Vyeo havirundikwi, kwa hiyo "Ndugu Mheshimiwa" haifai: "Ndugu" ni wito wa ofisa wa kawaida wa serikali au wa mtu binafsi, na "Mheshimiwa" ni wa jaji, hakimu, msajili, waziri au mbunge. Wakili wa upande wa pili huandikiwa "Wakili Msomi," kwa kuwa ndivyo mawakili wanavyoitana mahakamani. Lakini ni heshima ya kupewa na mwenzako. Wakili anayejiandikia "Wakili Msomi" chini ya sahihi yake amejivika mwenyewe.

Mstari wa kumbukumbu nao huchanganya watu. "Kumb. Na." ni namba ya jalada katika ofisi inayoandika. Kampuni ya mawakili inayo, na mtu anayeandika kutoka nyumbani hana wala hahitaji kujitungia. Kinachotambulisha jambo kwake ni namba ya shauri, na mahali pake ni kwenye kichwa cha barua. Ukiwa unajibu barua, ndipo unapotaja kumbukumbu ya mwenzako: "Rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani ya tarehe fulani."

"Yah" ni kifupi cha "yahusu", hivyo "YAH: KUHUSU" ni kusema jambo lile lile mara mbili. Kichwa kizuri kinabeba shauri na ombi kwa pamoja, ili karani ajue jalada la kufungua kabla hajasoma aya ya kwanza. Baada ya kichwa kama hicho, "Husika na somo tajwa hapo juu" haina kazi. Somo ni la darasani, na msomaji haombwi "kuhusika". Anayetaka daraja la kuingilia aandike "Rejea mada tajwa hapo juu," lakini bora zaidi ni kuingia moja kwa moja kwenye tarehe ya hukumu.

Barua yetu sasa inasomeka hivi, chini ya anwani ya mwandishi na tarehe 12 Machi 2024:

*Naibu Msajili,*
*Mahakama Kuu ya Tanzania,*
*Masjala Ndogo ya Mwanza,*
*S.L.P. …,*
*MWANZA.*

*Mheshimiwa,*

*YAH: SHAURI LA MADAI NA. … LA MWAKA 2023 KATI YA … (MDAI) NA … (MDAIWA): OMBI LA NAKALA ZA MWENENDO NA HUKUMU KWA AJILI YA RUFANI*

*Mimi ni mdaiwa katika shauri lililotajwa hapo juu, ambalo hukumu yake ilitolewa tarehe 4 Machi 2024. Sikuridhika na hukumu hiyo na nakusudia kukata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania.*

*Naomba ofisi yako inipatie nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa shauri na hukumu, pamoja na nyaraka nyingine zinazohitajika kwa rufani hiyo.*

*Naomba kuwasilisha.*

*(Sahihi)*
*(Jina kamili)*
*MDAIWA*

*Nakala: (Jina la mdai au wakili wake, na anwani)*

"Naomba kuwasilisha" ndiyo hitimisho linalofaa kwa ombi kwa ofisi. "Wako mtiifu" ni ya mtumishi kwa mkuu wake wa kazi, na mdaiwa si mtumishi wa Msajili. "Wako katika ujenzi wa Taifa" ilizoeleka katika ofisi za umma, na kwenye barua ya mtu anayetetea haki yake haina mahali. Chini ya jina huandikwa nafasi yake katika shauri. "K.n.y." hutumika tu pale unaposaini kwa niaba ya mwenye cheo, na hapo cheo kinachoandikwa chini ni chake, si chako.

Mstari wa mwisho, ule wa "Nakala", ndio unaopuuzwa zaidi na ndio wenye uzito kuliko yote. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, kanuni ya 90, zinataka rufani ya madai ifunguliwe ndani ya siku 60 tangu taarifa ya rufani ilipowasilishwa. Kama taarifa iliwasilishwa tarehe 14 Machi, siku hizo zinaisha tarehe 13 Mei. Nakala zikitoka Agosti, rufani imeshachelewa, isipokuwa muda wa kuandaa nakala utolewe kwenye hesabu kwa cheti cha Msajili. Nafuu hiyo ina masharti: ombi liwe limetolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, yaani hadi tarehe 3 Aprili katika mfano wetu, liwe la maandishi, na nakala yake iwe imemfikia mjibu rufani.

Kwa hiyo kuandika neno "Nakala" peke yake hakutoshi. Peleka barua kwa upande wa pili, wasaini kwenye nakala yako kwamba wamepokea, na waandike tarehe. Mahakamani nako ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Baadaye, Msajili atakapotoa cheti, linganisha tarehe ya ombi iliyoandikwa humo na ile ya barua yako. Zikitofautiana, rudi ukaombe kirekebishwe kabla hujafungua rufani, kwa sababu cheti chenye kasoro huwapa wapinzani hoja ya kuomba rufani iondolewe.

Barua hii haichukui nafasi ya taarifa ya rufani, ambayo nayo ina siku zake 30 tangu hukumu. Na rufani zinazotoka mahakama za chini kwenda Mahakama Kuu zina kanuni na muda wake tofauti, hivyo muundo wa barua unaweza kuhamishwa, lakini hesabu ya siku haihamishwi.