Kipande Kisicho na x
Mpwa wangu alinitumia picha ya swali: (x² − 2/x)⁹, atafute kipande kisicho na x. Alikuwa ameanza kuzidisha mabano yote tisa, kazi ya bure.

Kila kipande hupatikana kwa kuchukua −2/x kutoka mabano r, na x² kutoka 9 − r yaliyobaki. Kipeo cha x huwa 18 − 3r. Kikiwa 0, r ni 6. Mabano 6 kati ya 9 huchaguliwa kwa njia 84, na (−2)⁶ ni 64. Jibu ni 84 × 64 = 5376.

Nilimwambia akuze picha kwanza. Ile 9 ikisomwa 8, 16 − 3r = 0 haitoi namba nzima, na kipande hicho hakipo kabisa.