Sura ya 6: Mahubiri ya Ndoa Mbele ya Makabila Mawili

Katika ibada ya ndoa ya Kikatoliki wazazi hawaulizwi chochote. Mahubiri yakiisha, padri anawageukia maarusi kwa maswali matatu: kama wamekuja kwa hiari yao bila kushurutishwa, kama wako tayari kupendana na kuheshimiana maisha yao yote, na kama watapokea watoto na kuwalea katika imani. Kwenye kikao cha mahari mambo yalikuwa kinyume. Mshenga alisema, baba wadogo wakasema, wajomba wakajibu, na wale wawili pengine hawakufungua mdomo. Mahubiri yanakaa katikati ya vikao hivyo viwili. Kazi yake ni kulitoa neno kwa wazee na kulikabidhi kwa maarusi, na wazee wasione wamedharauliwa.

Mkoani Katavi kazi hiyo ina uzito wa pekee. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo ni wenyeji wa nchi ya mbung'o, ambako ng'ombe hawakustawi. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wamehamia humo na mifugo yao, na katika makazi ya Katumba na Mishamo zimo familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972. Watoto wa watu hawa wote wanakutana Mpanda mjini, wanasoma pamoja, wanafanya biashara pamoja, wanaoana.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana wa Kisukuma aliyekulia Mpanda anamwoa binti wa Kipimbwe kutoka Usevya. Kwao kijana mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wale hawakutoka zizi la baba peke yake, ndugu wamechangia. Kwa hiyo wengi waliokaa upande wake wanahisi wana hisa katika ndoa hii, na wanangoja wajukuu upesi. Kwao binti hofu ni nyingine: atamezwa na mji wa wakwe, na mama yake akiugua hatapewa ruhusa ya kuja kumuuguza. Mambo haya mhubiri hayabahatishi. Anakwenda kila nyumba kabla ya harusi, anauliza swali moja tu, "Mnaogopa nini?", kisha anasikiliza. Katekista wa kigango mara nyingi analijua jibu tayari.

Sasa somo. Wengi hukimbilia kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyejifunga na watu wasio wake. Ni somo zuri, ila Ruthu alimwambia maneno yale mama mkwe wake Naomi, mume akiwa amekwisha kufa. Ukimwekea bibi harusi maneno hayo mdomoni, umemtwika yeye peke yake mzigo wa kuhama. Mimi ningechukua Mwanzo 2:24, kwa sababu anayetajwa pale kuwaacha baba na mama ni mwanamume. Mbele ya ukoo uliozoea mke ahamie kwao, jambo hilo lina ukali wake. Ipo pia Hesabu 12, ambako Miriamu na Haruni wanamsema Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, na Miriamu anapigwa ukoma. Siku ya harusi iache. Kila mtu atamtafuta shangazi wa kumvisha sura ya Miriamu.

Mwambie kijana, ukimtazama: "Kuacha nyumba ya baba yako si kuacha kumheshimu. Ni kwamba mkeo akiwa na shauri, utalisikia kwake kabla hujalisikia kwa ndugu." Mwambie binti: "Umeingia ukoo mwingine, na mama yako bado ni mama yako. Siku akikuhitaji, safari ni ya wote wawili." Kisha wageukie wazee uwashukuru kwa walichotoa na waliyemtoa, bila kutaja idadi ya ng'ombe. Dakika nane hadi kumi zinatosha.

Linaloharibu mahubiri haya mara nyingi ni utani wa makabila. Sebuleni utani una wenyewe na una majibu. Altareni mhubiri hajibiwi. Utajua umekosea pale upande mmoja unapocheka na mwingine unatazama sakafu. Ukiona hivyo usitafute utani wa pili wa kusawazisha. Rudi kwenye somo.

Mahubiri yana mpaka wake pia. Kama mahari haijakamilika na wajomba wamenuna, mimbari haitalipa deni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu taratibu za mahari hazikufuatwa, lakini kulisoma hilo kanisani ni kuwatangazia wazee vita. Liseme mapema, nyumbani kwao. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na muda huo unatosha kufika Usevya na kurudi.