Mechi Imevunjika, Mkeka Je?

Desemba 16, 2023, nahodha wa Luton Town, Tom Lockyer, alianguka uwanjani kwa Bournemouth baada ya moyo wake kusimama. Madaktari walimwokoa, na mwamuzi akavunja mechi dakika ya 59 ikiwa 1-1. Adebayo alitangulia kuifungia Luton, Solanke akasawazisha muda mfupi kabla ya tukio lile.

Tuseme mtu wa Mbagala alikuwa ameweka dau la shilingi 5,000 kwenye mkeka wa mechi tatu. Mbili zilitiki, kwa odi 2.00 na 1.50. Ya tatu ilikuwa hii, amechagua GG, yaani timu zote kufungana, kwa odi 1.70. Kampuni ikaifuta mechi nzima, odi ikawa 1.00, akalipwa 15,000. Alistahili 25,500 kabla ya kodi.

Kanuni za kampuni nyingi zinasema mechi ikivunjika, dau hurudishwa, isipokuwa kwa soko ambalo tayari limeshaamuliwa uwanjani. Hapo ndipo barua yake ya malalamiko kwa kampuni inaposimama. Timu zote zilikuwa zimeshafunga, na hakuna dakika iliyobaki ambayo ingeweza kulifuta bao. Aliyechagua "chini ya mabao 2.5" au sare hana madai ya namna hiyo, kwa sababu dakika 31 zilizobaki zingeweza kugeuza kila kitu.

Barua isiwe ndefu, wala isiwe ya matusi. Iandikwe hivi:

"Naomba mpitie upya tiketi yangu, namba hii, ya Desemba 16, 2023. Mechi ya Bournemouth na Luton ilivunjika ikiwa 1-1. Soko la GG lilikuwa limeshaamuliwa kabla ya kuvunjika. Kifungu chenu cha mechi zilizovunjika, nilichokiambatanisha, kinasema soko la aina hiyo linabaki halali. Naomba mnilipe tofauti ya shilingi 10,500, au mnitajie kwa maandishi kifungu mlichokitumia."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Bila hiyo, huduma kwa wateja hujibu tu kwamba "mechi ilifutwa", na mazungumzo yanaishia hapo. Nakala ya kanuni iwe ile iliyokuwa ikitumika siku ya dau, maana kurasa hizo hubadilishwa. Na kama kifungu kinasema wazi kwamba masoko yote hufutwa, huna kesi, hata ikikuuma.

Mechi ilirudiwa yote Machi 13, 2024, na Bournemouth ikashinda 4-3. Usiyaingize mabao hayo kwenye barua. Ile ni mechi nyingine, na ukiyataja unaipa kampuni njia ya kukwepa hoja yako.

Wakikaa kimya au wakikataa bila kutaja kifungu, peleka barua, tiketi na majibu yao kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Picha ya tiketi ipige leo, kabla haijatoweka kwenye akaunti yako.