Damu Hii Imetolewa Saa Ngapi?

Ndugu wa mgonjwa aliyewekewa dripu ya vankomaisini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu. "Sista, asubuhi mmemtoa damu, jioni tena?" Swali ni la haki, na linastahili jibu kamili. Damu hiyo haitafutwi malaria wala wingi wa damu. Inapimwa dawa yenyewe: imebaki kiasi gani mwilini kwa saa ile.

Dawa nyingi hazihitaji kipimo hiki. Vankomaisini na jentamaisini zinakihitaji kwa sababu nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ni nyembamba. Zikipungua, bakteria huendelea kuzaliana. Zikizidi, huumiza figo, na jentamaisini huharibu pia sikio la ndani, mahali panapohusika na kusikia na na kusimama bila kuyumba. Madhara hayo ya sikio mara nyingi hayarudi nyuma. Ubaya zaidi ni kwamba figo ndizo zinazotoa dawa hizi mwilini. Figo zikianza kuchoka, dawa hulundikana, na kulundikana huko huzichosha zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa kilo 60 aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda, mfupa ukaingiwa na stafilokokasi sugu. Figo zake ni nzima. Anapewa vankomaisini gramu 1 kila baada ya saa 12: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kila dozi hupita taratibu kwa muda wa saa nzima, kwa kuwa ikikimbizwa mgonjwa huweza kuwashwa, kuiva uso na shingo, hata kushuka presha.

Dripu inapokwisha saa 1 asubuhi, dawa katika damu yake iko kileleni, kama miligramu 30 kwa kila lita. Kuanzia hapo inashuka kama maji ya mtungi uliotoboka chini: ukijaa yanatoka kwa kasi, ukipungua yanatoka polepole. Kwa mgonjwa huyu dawa hupungua nusu kila baada ya saa 6. Saa 7 mchana imebaki 15. Saa 11 na nusu jioni, dakika 30 kabla ya dozi nyingine, imebaki kama 9. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kati ya dozi mbili.

Kwa miaka mingi madaktari walitegemea kiwango hicho cha chini peke yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 uliwataka wakifikishe kati ya 15 na 20 kwa maambukizi makali. Kwa kanuni hiyo, 9 ya mgonjwa wetu ni ndogo mno, na dozi yake ingepandishwa sana. Lakini kinachoua bakteria huyu ni jumla ya dawa anayokutana nayo mchana na usiku. Ukichukua wastani wa dawa katika damu ya mgonjwa wetu kwa siku nzima, ambao ni kama 17, ukazidisha kwa saa 24, unapata takriban 410. Mwongozo mpya wa mwaka 2020 unataka jumla hiyo iwe kati ya 400 na 600. Kumbe dozi yake inatosha. Kama ingepandishwa hadi kiwango cha chini kifike 15, jumla ingekaribia 700, na figo zake ndizo zingelipa.

Ndiyo maana anatolewa damu mara mbili. Ya kwanza huchukuliwa saa 1 hadi 2 baada ya dripu kwisha, si mara tu inapokwisha, kwa sababu wakati huo dawa bado inasambaa kutoka kwenye damu kwenda kwenye nyama za mwili na namba hudanganya kwa kuwa kubwa. Kwa mgonjwa wetu ni saa 3 asubuhi, na jibu ni 24. Ya pili ni ile ya saa 11 na nusu jioni, jibu 9. Kwa namba hizo mbili na saa zake, mfamasia anachora mteremko mzima: dawa inapungua nusu kwa muda gani, ilianzia wapi, jumla yake ni ngapi. Kazi hii huanza karibu na dozi ya nne, dawa inapokuwa imetulia, yaani inayoingia inalingana na inayotoka. Mwenye figo dhaifu hasubiriwi hivyo, hupimwa mapema.

Sasa tazama kosa dogo linavyofanya kazi. Wodi imejaa, na muuguzi anaona ni heri atoe ile damu ya pili mapema, saa 7 mchana, pamoja na za wagonjwa wengine. Kwenye kichupa anaandika "kabla ya dozi", bila saa. Maabara inapima vizuri kabisa na kutoa jibu 15. Mfamasia, akiamini ni damu ya saa 11 na nusu, anapiga hesabu na kukuta dawa inachukua zaidi ya saa 12 kupungua nusu. Kwa macho yake figo za mgonjwa zimezembea. Daktari akipunguza dozi kwa hofu hiyo, mfupa unaachiwa bakteria wake, na homa ikirudi wiki ijayo hakuna atakayeikumbuka saa 7 ile. Kwa maoni yangu kipimo kisicho na saa ni kibaya kuliko kutopima, kwa sababu aliyekosa kipimo angalau anaendelea kuwa mwangalifu.

Saa zinazotakiwa ni tatu: dripu ilianza lini, ilikwisha lini, damu ilitoka lini. Ziandikwe zile za kweli, si zile za kwenye ratiba. Dripu iliyopaswa kuanza saa 12 ikaanza saa 2 kwa sababu kanula ilitoka, iandikwe saa 2. Hapo ndugu anaweza kusaidia kweli: "Sista, dripu ya leo imechelewa kuanza" ni sentensi inayoweza kubadilisha hesabu yote.

Kosa jingine ni kuvuta damu kwenye kanula ileile iliyopitisha dawa. Mabaki ya dawa kwenye mrija huingia kwenye kichupa, na jibu huja kubwa ajabu, 80 au zaidi, kwa mgonjwa ambaye kreatinini yake haijabadilika na dozi yake ni ya kawaida. Namba ya namna hiyo haitibiwi. Damu hurudiwa, mkono wa pili.

Jentamaisini ina tabia tofauti. Yenyewe huua zaidi ikipanda juu kwa mara moja, kisha bakteria hubaki wamelegea kwa saa kadhaa hata dawa ikishatoka. Kwa hiyo mtu mzima wa kilo 60 hupewa dozi kubwa mara moja kwa siku, kwa mfano miligramu 300, halafu mwili huachwa uisafishe. Kilele hupimwa nusu saa baada ya dripu ya nusu saa kwisha. Lakini kinacholinda sikio na figo ni kipimo cha kabla ya dozi inayofuata, ambacho kinapaswa kuwa chini ya miligramu 1 kwa lita. Kikizidi hapo, dozi inayofuata hucheleweshwa.

Jentamaisini mara nyingi huenda pamoja na ampisilini, hasa kwa watoto wachanga. Ndani ya kichupa ampisilini huendelea kuiharibu jentamaisini. Kichupa kikikaa mezani tangu asubuhi hadi jioni, jibu hushuka chini ya ukweli, na mtu akaongeza dozi kwa mtoto ambaye tayari ana dawa ya kutosha. Damu hiyo ipelekwe maabara mara moja, na kama haitapimwa leo, seramu yake itenganishwe na igandishwe.