Uamuzi Ukae Wapi? Ukokotozi wa Mtambuni na wa Winguni katika Kiwanda cha Bia, Bukavu

1. Utangulizi

Kiwanda cha kisasa hujaa vihisi. Kuna vya kupima joto, vya kupima mgandamizo, vya kuhesabu chupa na vya kusikiliza mtikisiko wa mota. Kila kihisi hutoa namba, na kila namba husubiri kutolewa uamuzi: vali ifunguliwe au ifungwe, mkanda uendelee au usimame. Makala haya yanachunguza swali moja tu, nalo ni mahali panapofaa kufanyiwa hesabu hizo pale ambapo mawasiliano hayaaminiki.

Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kuzituma namba zote kwa njia ya Intaneti hadi kwenye jumba kubwa la kompyuta lililoko mbali, ambalo siku hizi huitwa "wingu". Ya pili ni kuweka kompyuta ndogo ndani ya kiwanda, karibu na mashine, na kuiachia hesabu. Kuhusu njia hii ya pili, neno "ukingo" lingeweza kutumika, lakini lingepotosha. Mtambo ni ukingo kwa anayeutazama kutoka winguni. Kwa fundi anayeusimamia, mtambo ndio kitovu. Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi mbili zinazolingana kwa umbo: ukokotozi wa mtambuni na ukokotozi wa winguni.

2. Mazingira ya Bukavu

Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, umejengwa pale ambapo mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu. Maji ya mto huo huendesha mitambo ya umeme ya Ruzizi I, iliyojengwa katika miaka ya 1950, na ya Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989. Hata hivyo, umeme mjini hukatika mara kwa mara, na unapokatika, vifaa vya mawasiliano visivyo na betri au jenereta huzimika pamoja nao.

Kwa upande mwingine, majumba makubwa ya kompyuta yanayokodishwa kwa umma yako mbali. Kampuni ya Amazon ilifungua majumba yake ya Cape Town mwaka 2020, na kutoka Bukavu hadi huko ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka. Watu wengi hudhani kwamba tatizo ni umbali huo. Sivyo. Ishara katika waya wa kioo huweza kwenda na kurudi katika sehemu ndogo ya sekunde, muda ambao mashine nyingi zinauvumilia. Tatizo ni kukatika kwa njia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa mfano, Intaneti ilifungwa nchini Kongo kuanzia tarehe 31 Desemba, ikarudishwa mnamo tarehe 20 Januari 2019. Hizo ni siku zipatazo 20. Kiwanda kinachotegemea wingu kwa kila uamuzi kingekaa siku zote hizo bila uamuzi.

3. Mfano: kuipasha bia moto

Ili tofauti ya njia hizi mbili ionekane wazi, tuchukue kazi moja katika kiwanda cha bia, aina ya kiwanda inayojulikana sana Bukavu. Tarakimu za kiwanda zitakazotumika ni za mfano. Kanuni ya hesabu ni ile inayotumiwa na watengenezaji bia.

Bia ikishatiwa chupani na kufungwa, hupitishwa katika handaki refu juu ya mkanda unaokwenda polepole. Humo chupa hunyunyiziwa maji ya moto ili vijidudu vinavyoweza kuichachusha bia vife, kisha hupozwa. Njia hii ya kuua vijidudu kwa joto la wastani imepewa jina la mwanasayansi wa Kifaransa, Louis Pasteur, na kipimo chake huandikwa PU. Kukaa dakika 1 katika nyuzi 60 za Selsiasi ni sawa na PU 1. Kwa joto jingine hesabu huwa hivi:

```
PU = t × 1.393^(T − 60)
```

Hapa `t` ni dakika na `T` ni joto la bia yenyewe. Kanuni hii ina ukali wake: joto likiongezeka kwa nyuzi 7 tu, kasi ya kuua vijidudu huongezeka kiasi cha mara 10.

Tuseme kiwanda kimeamua kwamba kila chupa ipate PU 20. Chupa fulani zimekwisha kupata PU 20 na zinakaribia kutoka katika sehemu ya moto, ambamo joto ni nyuzi 62. Ghafla mashine ya kubandika nembo, iliyoko mbele, inakwama, na mkanda wote unasimama kwa dakika 10. Katika nyuzi 62, kila dakika huongeza PU 1.94. Baada ya dakika 10 chupa hizo zimeongezewa PU 19.4, na jumla imekaribia 40. Bia haitamdhuru mnywaji, lakini ladha yake itakuwa ya kitu kilichopikwa, na itazeeka upesi dukani.

Kinyume chake pia hutokea. Umeme ukikatika na maji yakapoa hadi nyuzi 57, kila dakika hutoa PU 0.37 tu. Chupa iliyotazamiwa kupata PU 10 katika dakika 10 itapata chini ya 4. Bia hiyo huweza kutoka handakini ikionekana safi, kisha ikachachuka ikiwa ghalani.

4. Kwa nini hesabu hii haiwezi kungoja

Dawa ya ajali ya kwanza inajulikana: mara mkanda unaposimama, vali ya maji baridi hufunguliwa ili joto lishuke hadi kiwango ambacho PU haziongezeki kwa kasi. Lakini dawa hiyo hufaa ikitolewa katika dakika ya kwanza au ya pili. Kompyuta iliyoko mtambuni husoma kihisi kila sekunde, hujumlisha PU za kila safu ya chupa, na kufungua vali bila kumwuliza mtu wa nje. Hesabu yenyewe ni nyepesi mno; kompyuta ndogo ya bei nafuu huimudu.

Hesabu hiyohiyo ikiwekwa winguni, ubovu wake huonekana pale njia inapokatika katikati ya ajali. Wingu limepokea habari kwamba mkanda umesimama, kisha kimya. Je, mkanda umeanza tena kwenda? Je, maji yamepoa? Ukimya hauna maana moja. Amri yoyote itakayotolewa ni ya kubahatisha, na hata ikiwa sahihi haitafika.

Inafaa kuongeza kwamba kompyuta ya mtambuni nayo haipewi mamlaka yote. Kinga zinazohusu uhai wa watu, kama vile kuzima boila yenye mgandamizo uliozidi, hubaki katika vifaa vyake maalumu, ambavyo hufanya kazi hata kompyuta hiyo ikizimika.

5. Kuhifadhi, kisha kutuma

Je, wingu halina kazi basi? Linayo, na ni kubwa, lakini ni kazi inayoweza kungoja. Ili ingoje bila kupoteza kitu, kompyuta ya mtambuni huandika kila kipimo katika hifadhi yake, na hufuta tu baada ya wingu kuthibitisha kwamba limepokea.

Tuchukue kiwanda chenye vihisi 60, kila kimoja kikitoa kipimo kimoja kwa sekunde, na kila kipimo kikichukua baiti 16. Kwa siku moja hiyo ni kiasi cha megabaiti 83; kwa siku 20 kama zile za mwaka 2019, ni gigabaiti 1.66. Kadi ya kawaida ya kumbukumbu huzibeba bila taabu. Ugumu huja njia inapofunguka. Kwa njia ya kilobiti 256 kwa sekunde, mzigo huo huchukua zaidi ya saa 14 kutumwa, na katika saa hizo habari za leo hukwama nyuma ya habari za juzi.

Suluhisho ni kufupisha mtambuni. Badala ya vipimo 60 vya kila dakika, kompyuta hutuma cha juu kabisa, cha chini kabisa na wastani. Kila muhtasari ukiwa wa baiti 32, siku 20 hutoa megabaiti 55 tu, ambazo hupita katika njia ileile kwa dakika 29. Vipimo kamili hubaki kiwandani, vikatumwa pale tu inapotokea ajali inayohitaji kuchunguzwa. Na habari za sasa hutangulizwa. Malimbikizo hufuata nyuma.

6. Kasoro zinazojificha

Kasoro ya kwanza ni saa. Kompyuta ndogo nyingi hazina betri ya kutunza saa; huupata wakati sahihi kutoka Intaneti. Umeme ukikatika kwa saa 6 na Intaneti isiwepo unaporudi, kompyuta huamka ikiamini kwamba hakuna muda uliopita. Vipimo vya adhuhuri vitaandikwa kuwa vya asubuhi. Dalili yake ni vipimo viwili tofauti vya kihisi kimoja vyenye wakati uleule. Kinga ni saa yenye betri yake, pamoja na namba ya mfululizo katika kila kipimo, kwa kuwa namba hairudi nyuma hata saa ikirudi. Namba hiyo hufichua pia pengo, na humwezesha mpokeaji kutupa kipimo kilichofika mara mbili.

Kasoro ya pili ni kihisi kilichokufa huku namba yake ya mwisho ikibaki kwenye kioo. Joto halisi la maji halitulii. Hupanda na kushuka kidogo kila mara. Mstari ulionyooka kabisa kwa nusu saa si dalili ya utulivu, bali ni dalili kwamba hakuna anayepima.

7. Hitimisho

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba Bukavu inahitaji mtambuni peke yake. Historia ya karibuni inakataa. Mnamo Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji huo, na mnamo Juni mwaka huo kampuni ya Heineken, wakati huo mmiliki mkuu wa Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bukavu na Goma. Kompyuta iliyo karibu na mashine hupatwa na kila linaloipata mashine: moto, mafuriko au uporaji. Kumbukumbu iliyo humo pekee hupotea pamoja na jengo, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa kile kilichokuwapo na maarifa ya kukijenga upya.

Hivyo ugawaji wa kazi hautokani na ubora wa kompyuta, bali na gharama ya kuchelewa. Uamuzi unaoharibika kwa kungoja dakika moja ukae mtambuni. Kumbukumbu inayoweza kungoja siku 20 iende winguni, hata kama itafika kwa kuchelewa, ili siku kiwanda kitakapokuwa hakifikiki, habari zake ziwe zimekwisha kutoka.