Tramu Ikisimama, Nawe Simama
Wakaazi wanaoenda Melbourne, Australia, kwa masomo au kazi watakuta magari yakiendeshwa upande wa kushoto kama hapa kwetu. Kigeni ni tramu, yaani treni ya umeme inayopita katikati ya barabara. Katika vituo visivyo na jukwaa, abiria hushukia kwenye njia ya magari. Kwa hivyo tramu ikisimama kituoni, simamisha gari usawa wa sehemu yake ya nyuma. Milango ikifungwa na pasiwe na mtu anayevuka, pita kwa mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa. Usiikatie njia, haiwezi kukukwepa. Mwenye baiskeli avuke reli kwa kuikata moja kwa moja, la sivyo gurudumu hunasa katika mfereji wake.